Kila kifaa na laini yake: kufunga manifoldi kwenye nyumba ya tenki la juu

Nyumba nyingi zimefungwa maji kwa mtindo mmoja. Laini kubwa inatoka kwenye simtanki, inaingia ndani, na kila inapopita karibu na bafu, choo au jiko, fundi anakata, anaweka tii na kutoa tawi. Inafanya kazi miaka mingi bila lawama, mpaka siku shawa inapoharibika ndani ya ukuta. Hapo mnagundua kwamba nyumba nzima ina koki moja tu, ile ya pale chini ya tenki, na ili kubadilisha kitu cha bafu moja, wote mnakaa bila maji.

Manifoldi inabadilisha mpangilio huo. Ni mche mmoja wa shaba nyeupe au wa plastiki ngumu ya PPR wenye midomo mingi, na kila mdomo una valvu yake, kama swichi bodi ya umeme ilivyo na swichi yake kwa kila laini. Kutoka kila mdomo inaondoka laini moja isiyokatwa hadi kwenye kifaa kimoja tu: hii ya shawa, hii ya sinki la jikoni, hii ya choo. Njiani hakuna tii hata moja.

Mwongozo huu ni wa nyumba inayokula maji kutoka kwenye tenki lililo mnarani, bila pampu ya kuongeza presha. Nimeuchagua uwe wa nyumba hiyo kwa makusudi. Maelezo mengi ya manifoldi yameandikwa kwa ajili ya miji ambako bomba la mtaani lina presha kubwa wakati wote, na ukiyafuata neno kwa neno kwenye tenki la mnara, utapata shawa inayodondosha. Presha ya tenki ni urefu tu: mita kumi za kimo ni baa moja. Mnara wa mita nne na nusu haukupi hata nusu baa, kwa hiyo kila sentimita ya presha ina thamani.

Anza na hesabu ya nyumba yako

Chukua nyumba ya vyumba vitatu ya chini, ambayo ndiyo tutakayoifuata hadi mwisho. Kitako cha tenki kiko mita 4.5 juu ya sakafu. Kichwa cha shawa kiko mita 2 juu ya sakafu. Basi shawa ina mita 2.5 za kuisukuma, na tunahesabu tenki likiwa karibu kuisha, maana hapo ndipo malalamiko huanza. Kutoka tenki hadi mahali pa manifoldi ni mita 15 za bomba.

Sasa fikiria saa moja asubuhi. Mtu anaoga, anatumia lita 8 kwa dakika. Jikoni bomba limefunguliwa, lita 6. Choo kimevutwa na kinajaa, lita nyingine 6. Jumla lita 20 kwa dakika zinapita kwenye laini kuu. Bomba la PPR la milimita 25 lenye ukuta mnene, lile la PN20, lina tundu la milimita 16.6 tu ndani. Lita 20 zikipita humo kwa mita 15, msuguano unakula kama mita 2.5. Yaani shawa haijaanza hata kupewa maji na mtaji wote umekwisha. Kinachotokea kweli ni kwamba wote watatu wanapunguziwa, na mwenye shawa ndiye anayeumia zaidi kwa sababu yuko juu kuliko wengine.

Weka la milimita 32 na hasara inashuka hadi kama sentimita 77. Weka la milimita 40 na inabaki kama sentimita 25.

Hilo ndilo jambo ambalo wengi wanaofunga manifoldi hawaliangalii. Manifoldi inatenganisha vifaa kuanzia pale ilipo kwenda mbele. Kutoka pale kurudi nyuma hadi tenki, wote bado wanakunywa kwenye bomba moja. Ukiweka manifoldi nzuri ya midomo kumi na kuilisha kwa bomba la 25, umelipia valvu tu. Kushindana kwa maji kuko palepale. Kama pesa haitoshi kwa vyote, anza na laini kuu nene.

Chagua unene wa kila laini

Mabomba ya manifoldi huwa ni ya peksi, plastiki inayopindika, na yanayopatikana zaidi madukani ni yale yenye aluminiamu katikati. Yanauzwa kwa roli, ndiyo maana laini inaweza kutoka mwanzo hadi mwisho bila kiungo. PPR inauzwa kwa vipande vya mita nne, kwa hiyo laini ya mita kumi na moja tayari ina soketi mbili ndani ya sakafu. Kiungo cha PPR kilichochomelewa vizuri ni imara sana, sina ugomvi nacho, lakini faida ya kutokuwa na kiungo kilichofukiwa unaipoteza.

Peksi ya milimita 16 ina tundu la milimita 12. Inatosha choo, beseni la kunawia, mashine ya kufulia na sinki la jikoni. Kwa shawa kwenye tenki la mnara, mimi siiweki. Lita 8 kwa dakika zikipita kwenye mita 11 za bomba hilo zinakula karibu mita 1.65 kati ya zile mita 2.5 ulizonazo. Peksi ya milimita 20 ina tundu la 16, na kwa urefu uleule inakula kama sentimita 40. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo ukilinganisha na miaka utakayooga pale.

Kwenye nyumba yetu ya mfano, upande wa baridi una midomo tisa: sinki la jikoni, shawa mbili, beseni mbili, vyoo viwili, mashine ya kufulia na bomba la nje. Upande wa moto una midomo minne: sinki la jikoni, shawa mbili na beseni la bafu la chumba kikubwa. Ukijumlisha urefu wote unapata mita 76 za peksi ya 16 na mita 34 za peksi ya 20, jumla mita 110. Nyumba hiyohiyo kwa mtindo wa matii ingekula chini ya nusu ya urefu huo. Usimfiche mwenye nyumba jambo hili: manifoldi inakula bomba zaidi, na pesa inarudi kwenye viungo ulivyopunguza na kuta ambazo hutazipasua baadaye.

Mahali pa manifoldi

Pawe karibu na hita na karibu na mabafu, kwenye ukuta unaofikika bila kuhamisha kabati: stoo, korido ya nyuma, au sehemu ya kufulia. Iweke ndani ya kisanduku chenye mlango, kimo cha kifua, na chini yake uache nafasi ya kuweka ndoo. Ukiweza, toa bomba dogo la kumwaga maji kutoka kwenye kisanduku hadi nje, ili siku kiungo kikilegea maji yaonekane uani badala ya kuingia ukutani.

Manifoldi ya moto iweke jirani kabisa na hita. Sababu ni maji yanayolala bombani. Kila mita ya peksi ya 16 ina kama desilita moja ya maji. Laini ya mita 9 hadi jikoni ina lita moja, na kwa lita 6 kwa dakika utasubiri sekunde kumi tu hadi moto ufike. Lakini ukiweka bomba nene la mita nane kati ya hita na manifoldi, kila kifaa kinabeba mzigo huo pia. Na hapa matii yana nafuu yake ambayo lazima isemwe: kwenye mtindo wa matii, aliyeoga kwanza amekwisha kuipasha laini kuu, na wa pili anapata moto haraka. Kwenye manifoldi kila laini inaanza na maji yake ya baridi.

Laini inayolisha hita usiichukue kwenye mdomo mdogo. Ichukue kwenye mwisho wa mche kwa bomba la 25, kwa sababu maji ya moto ya nyumba nzima yanapita humo. Kwenye hita ya tenki kuna valvu ya usalama iliyokuja nayo, ile yenye kimkono kidogo na mdomo wa kutema. Koki ya kufungia hita ikae kabla ya valvu hiyo. Usiweke koki yoyote kati ya valvu ya usalama na hita, hata kama fundi umeme anakuomba, maana maji yakichemka na koki imefungwa hayana pa kutokea.

Valvu zenyewe

Kuna manifoldi zenye vifundo vyekundu na bluu vya kuzungusha. Zinapendeza, lakini ndani maji yanapinda kupita kwenye kiti cha mpira, na kwenye presha ndogo upindaji huo unaonekana. Chagua yenye valvu za gololi, zile za robo mzunguko: mpini ukilala sambamba na bomba imefunguka, ukikaa msalaba imefungwa. Tundu lake linakuwa karibu sawa na bomba. Unaweza pia kununua mche usio na valvu na kufunga valvu ndogo za gololi moja moja. Ni kazi zaidi, ila moja ikiharibika unabadilisha hiyo tu.

Kwenye koki kuu kabla ya manifoldi weka valvu ya gololi ya inchi moja, na iwe na yunioni ili siku moja mche uweze kutoka bila kukata bomba. Geti valvu usiiweke hapo. Uchafu wa tenki hukaa kwenye mfereji wa lile geti, na siku unayoihitaji inazunguka yote na maji bado yanapita.

Watu huuliza kama valvu za manifoldi zinaondoa haja ya engo valvu chini ya beseni na nyuma ya choo. Haziondoi. Engo valvu ni ya kubadilisha hosi au floti ukiwa umechuchumaa palepale, bila kutembea hadi korido. Valvu ya manifoldi inalinda kitu kingine: bomba lililo sakafuni na mabomba ya ukutani ambayo hayana engo valvu, hasa mchanganyiko wa shawa uliozikwa. Kwa shawa kama hiyo kumbuka kufunga valvu mbili, ya baridi na ya moto. Ukifunga moja tu, maji ya upande wa pili yanakurukia pindi unapofungua sehemu za ndani za shawa.

Kulaza laini

Laza kabla ya sakafu ya mwisho, juu ya jamvi, kila laini ndani ya hosi ya mawimbi ya kuilinda. Andika kabla ya kuvuta. Bandika tepu kwenye ncha zote mbili, "SHAWA 2 MOTO" huku na huku, kwa sababu mabomba kumi na matatu yakishatokeza pamoja ukutani yanafanana yote. Kosa la kawaida kabisa kwenye kazi hii ni kuvuka moto na baridi, na linagunduliwa vigae vikishakaa.

Pinda kwa upole. Peksi ya 16 yenye aluminiamu inapindwa kwa mkono kwa nusu kipenyo kisichopungua sentimita 8. Pungufu ya hapo tumia springi. Ikivunjika mkunjo, usiinyooshe na kuendelea, kata na uvute nyingine. Usiiache juani pia kwa wiki nyingi mafundi wakisubiriana, kwa sababu jua linaila plastiki.

Kuna jambo la hewa ambalo ni la nyumba za tenki peke yake. Laini ikipanda darini, ikavuka, kisha ikashuka na kupanda tena, hewa inajikusanya kwenye kile kilele, na presha ya nusu baa haina nguvu ya kuisukuma. Dalili yake ni bomba linalotoa maji vizuri leo, kesho linakohoa, keshokutwa kimya. Kwa hiyo chagua njia moja: laini zote zishuke sakafuni na kupanda mara moja tu kwenye kifaa, au kama unapita darini, ziteremke kwa mfululizo bila vilima.

Kufunga kwenye mdomo

Hapa ndipo uvujaji unapozaliwa, kwa hiyo usiharakishe. Kata bomba kwa mkasi wake, mraba kabisa. Ingiza kalibreta na uizungushe mara mbili tatu hadi tundu liwe duara na ukingo wa ndani upigwe mteremko. Utaona nyuzi nyembamba nyeupe zikitoka, zipulize nje. Vua nati, ivishe kwenye bomba, kisha ile pete iliyopasuka, halafu sukuma bomba hadi likae kabisa kwenye nipeli, kile kibomba kifupi kinachoingia ndani ya bomba. Ile nipeli ina mipira miwili midogo. Bomba ambalo halikupitishwa kalibreta lina ukingo mkali kama wembe, na ukilisukuma linakata mpira wa kwanza bila wewe kusikia chochote. Linapita jaribio la siku hiyo na kuanza kutoa jasho baada ya miezi.

Kaza kwa mkono, kisha spana mbili, moja ikishika mdomo wa manifoldi usizunguke. Kwenye kiungo hiki hakuna tepu ya theredi. Kinachoziba ni mpira na pete. Tepu ni ya theredi za koki kuu.

Laini kuu ya PPR ichomelewe kwa mashine iliyofika nyuzi 260. Bomba la 20 linakaa kwenye moto sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, la 40 sekunde 12. Ukizidisha, plastiki iliyoyeyuka inajikusanya ndani na kubana tundu, na presha uliyoitafuta kwa bomba nene unaipoteza kwenye elbo.

Kujaribu kabla ya lipu

Ziba ncha zote kwa plagi, jaza maji, toa hewa laini moja baada ya nyingine, kisha tumia pampu ya mkono yenye geji. Jaribu kwa mara moja na nusu ya presha kubwa ambayo nyumba itaweza kuipata. Kama iko siku mtafunga pampu ya baa 4, panda hadi baa 6. Geji itashuka kidogo mwanzoni kwa sababu bomba linatanuka. Pandisha tena, subiri, na ndipo uanze kuhesabu. Ikikaa saa moja bila kusogea na nati zote ziko kavu ukizipitishia karatasi ya chooni, waite watu wa lipu.

Hita isiwepo kwenye jaribio hili. Ijaribu peke yake baadaye kwa presha ya tenki.

Kutafuta uvujaji miaka mingine baadaye

Hapa manifoldi inalipa gharama yake. Tenki linapungua usiku na hakuna anayetumia maji. Funga mabomba yote ya nyumba, zima umeme wa hita, kisha funga valvu zote za manifoldi, ya hita ikiwemo. Acha saa moja. Rudi pale kukiwa kimya na ufungue valvu moja moja, ukiweka sikio karibu. Laini isiyovuja haitasema kitu, kwa sababu bado imejaa. Laini inayovuja imekwisha kupoteza maji, na ukiifungua utasikia mlio mfupi wa maji yanayokimbilia kujaza. Ifunge hiyo, waache wengine waendelee kutumia maji, na mwite fundi kwa wakati wako. Mara nyingi mkosaji ni choo ambacho floti yake haifungi, na bomba la sakafuni liko salama.

Kwenye nyumba ya matii zoezi hilo haliwezekani. Laini zote ni moja, na kinachobaki ni kugonga ukuta kutafuta unyevu.

Pale ambapo matii yanatosha

Bafu moja la choo, beseni na shawa lililo mgongoni mwa tenki halihitaji manifoldi. Tii tatu, engo valvu mbili na koki ya gololi mlangoni mwa bafu vinakupa karibu kila kitu, isipokuwa kinga dhidi ya shawa kubadilika joto choo kinapojaa.

Na nyumba ndefu, ambayo bafu moja liko mita 20 kutoka lingine, haifai manifoldi moja ya katikati. Laini zinakuwa ndefu, presha inaishia njiani, na maji ya moto yanachelewa. Hapo peleka laini nene ya 32 hadi kila bafu na uweke manifoldi ndogo ya midomo mitatu au minne palepale, na koki kuu yake. Unapata valvu kwa kila kifaa bila kuvuta mamia ya mita za bomba. Kwa nyumba inayojengwa kwa awamu huu ndio mpango ninaoupendelea, kwa sababu bafu la awamu ya pili linaongezwa bila kugusa la kwanza.

Baada ya kukabidhi, mwonyeshe mwenye nyumba mpini wa kila valvu na jina lake, na umwambie azizungushe zote, kufunga na kufungua, kila baada ya miezi mitatu. Maji ya kisima yenye chokaa huigandisha gololi isiyoguswa. Ikianza kuwa nzito, izungushe taratibu mara kadhaa kwa mkono. Usitumie spana, maana mpini ndio unaovunjika kwanza.